Dakika Tatu Zinazookoa Kompresa ya Kiyoyozi

Simama karibu na kifaa cha nje cha kiyoyozi wakati umeme umekatika na kurudi papo hapo. Feni itaanza kuzunguka kama kawaida, lakini kompresa inaweza kugoma. Itanguruma mlio mzito wa kukazana kwa sekunde tano au kumi, kisha utasikia "ta!" ndogo, halafu kimya. Baada ya dakika chache itajaribu tena: mngurumo, ta, kimya. Ndani, mwenye nyumba anaona hewa inatoka vuguvugu, anashika rimoti na kushusha nyuzi kutoka 24 hadi 16. Hajui kwamba kila mngurumo ule unakaanga waya za mota iliyofungiwa ndani ya kompresa.

Natengeneza viyoyozi Dar es Salaam, na kompresa nyingi ninazozikuta zimeungua hazikufa kwa uzee. Zimeuawa na mambo mawili ambayo watu huyachanganya: umeme unaorudi haraka mno, na umeme unaokuja na volti ndogo. Kila moja lina dawa yake. Anayeyachanganya huenda dukani, hununua stebilaiza ya kwanza anayoonyeshwa, na baada ya miezi michache ananipigia simu tena.

Kwa nini kompresa inagoma

Kazi ya kompresa ni kuikandamiza gesi. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, upande mmoja wa mabomba una presha kubwa na mwingine una presha ndogo. Kwa mashine inayotumia gesi ya R410A, siku ya joto la pwani, upande wa gesi inayorudi huwa na psi 120 hivi, na upande wa gesi inayosukumwa hukaribia psi 400. Umeme ukikatika, tofauti hiyo haiondoki mara moja. Gesi hupenya polepole kwenye kibomba chembamba hadi pande mbili zilingane, na kwa viyoyozi vingi vya nyumbani hilo huchukua dakika tatu hivi.

Mota ya kompresa ya kawaida, yaani isiyo ya inveta, ina nguvu ndogo ya kuanzia mzunguko. Imeundwa ianze presha zikiwa zimelingana. Umeme ukirudi baada ya sekunde kumi, mota inatakiwa kusukuma dhidi ya presha yote ile kutoka kusimama, na haiwezi. Mota iliyopewa umeme ikashindwa kuzunguka hunywa umeme mara nne hadi sita ya kawaida yake. Mashine ya BTU 18,000 ambayo kawaida hutumia ampea 8 inaweza kuvuta 40. Umeme wote huo, kwa kuwa hakuna kinachozunguka, unageuka joto ndani ya waya.

Ile "ta!" ni ya ovalodi, kiswichi kidogo kinachokata umeme joto likizidi. Ovalodi ndiyo inayoiokoa kompresa mara ya kwanza na ya pili. Lakini kila mara kabla haijakata, joto limekwisha kupanda, na vanishi iliyopakwa kwenye waya za mota imeungua kidogo. Ikirudiwa mara nyingi vanishi hupasuka, waya hugusana, na siku moja ukiwasha, breka inaanguka hapo hapo. Siku hiyo utasema umeme wa jana ndio ulioiua, kumbe imekuwa ikifa kwa miezi.

Kumbuka pia kwamba kukatika kwa umeme si lazima kuwe kwa mtaa mzima. Uniti za LUKU zikikuishia saa nne usiku na ukaingiza tokeni ndani ya dakika moja, kompresa haijui kwamba hiyo ilikuwa LUKU. Vivyo hivyo ukihamisha swichi kutoka umeme wa gridi kwenda jenereta na kurudi. Kinachohesabiwa ni muda uliopita tangu kompresa isimame.

Je, kiyoyozi chako kinasubiri?

Viyoyozi vingi vya kisasa vya ukutani vina bodi inayoisubirisha kompresa dakika tatu. Vile vya dirishani vya zamani, vyenye kitasa cha kuzungusha, kwa kawaida havina. Hata vyenye bodi havilingani: vingine huhesabu tangu mara ya mwisho ulipozima kwa rimoti, lakini umeme ukikatika bodi inasahau yote na kuanza upya kana kwamba ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Kuna namna ya kupima bila kuidhuru mashine. Zima kiyoyozi na ushushe breka yake. Subiri dakika kumi, ili presha zilingane. Pandisha breka, washa kiyoyozi kwa kupoza, weka nyuzi za chini, kisha mtu mmoja asimame nje akiwa na saa. Feni ya nje na kompresa zikianza baada ya dakika tatu hivi, bodi yako inasubiri kila umeme unaporudi. Zikianza ndani ya sekunde chache, chukulia kwamba mashine haina kinga hiyo na uitafutie nje. Usipime kwa kuzima na kuwasha haraka ili uone itakuwaje, maana hapo utakuwa unafanya kile kile tunachokikimbia.

Hata bodi nzuri ina udhaifu mmoja. Umeme unapopepesa kwa nusu sekunde, taa zikififia na kurudi, bodi inaweza isizimike kabisa, kwa sababu ina umeme kidogo uliohifadhiwa kwenye kapasita zake. Kwa bodi hakuna kilichotokea. Lakini kompresa imepoteza mwendo, na umeme unapojaa tena inaikuta presha yote mbele yake. Ndiyo maana mahali ambapo umeme hupepesa mara kwa mara, kinga ya nje inafaa hata kama bodi inasubiri. Kinga hiyo huona volti imeanguka, hukata umeme wote, na haiurudishi mpaka iwe imetulia kwa dakika kadhaa. Umeme ukija na kuondoka tena katikati ya kusubiri, hesabu inaanza upya.

Kinga hizi zipo za aina mbili. Moja ni kifaa kidogo kinachokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa kupita kiasi na kusubiri kabla ya kuurudisha. Hakiongezi wala hakipunguzi volti. Nyingine ni stebilaiza, ambayo ina transfoma ndani, hunyanyua volti ndogo na kushusha kubwa, na mara nyingi ina taima ya kusubirisha pia. Kama kwako umeme hukatika tu lakini ukiwepo una volti nzuri, kile kifaa kidogo kinakutosha, mradi kiwe kimeandikwa ampea zinazozidi zile za juu kabisa za kiyoyozi chako na kiwe kimekusudiwa viyoyozi. Kile kilichotengenezwa kwa ajili ya friji kisibebeshwe mzigo wa kiyoyozi.

Volti ndogo inavyoua taratibu

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Viyoyozi vingi vya kawaida vinavumilia asilimia 10 chini au juu, yaani kati ya 207 na 253. Chini ya hapo nguvu ya mota hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe, kwa sababu hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Kwa volti 160 hujabaki na theluthi mbili za nguvu. Umebaki na chini ya nusu. Mota ikiwa tayari inazunguka itaendelea, lakini kwa kuvuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile, nayo inapata joto saa zote. Ikiwa inaanza, itagoma kama ilivyogoma kwa presha.

Wengi walitumaini tatizo hili lingekwisha mgao ulipopungua, baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuingia kwenye gridi mwaka 2024. Bwawa lile lina uwezo wa megawati 2,115 na limesaidia uhaba wa umeme. Lakini volti inayofika kwenye soketi yako inategemea pia transfoma ya mtaa, urefu wa waya kutoka nguzoni, na maungio ya ndani ya nyumba yako. Mtaa ulioongezeka nyumba huku transfoma ikibaki ile ile utaendelea kuona volti zikishuka kuanzia saa moja jioni, watu wanaporudi kutoka kazini.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima. Mwombe fundi umeme aje jioni, wala si saa sita mchana, apime sehemu mbili: kwenye mita, na pale kiyoyozi kinapochukulia umeme. Apime kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kikiwaka, na sekunde ile kompresa inapoanza. Namba hizo ndizo zitakazokuambia ugonjwa uko mtaani au uko ndani ya ukuta wako.

Kiyoyozi cha duka la dawa

Nieleze kisa kimoja, kwa sababu kina karibu kila kitu ndani yake. Mama mmoja mwenye duka la dawa huko Tabata aliniita kuhusu kiyoyozi cha BTU 18,000, kisicho cha inveta. Kompresa ya kwanza iliungua, akafungiwa nyingine, na muuzaji akamshauri anunue stebilaiza ya VA 2000. Miezi mitano baadaye kompresa mpya nayo ikawa inanguruma bila kuanza. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshasema imekufa.

Nilikwenda saa mbili usiku. Kwenye mita kulikuwa na volti 204, chini kidogo ya inayotakiwa. Wakati kiyoyozi kilipokubali kuwaka, umeme ulioingia kwenye stebilaiza ulikuwa 193. Volti 11 zilikuwa zimepotea ndani ya jengo. Kompresa ilipojaribu kuanza, ziliporomoka hadi 160, na stebilaiza ikawa inalia tak-tak-tak, rilei zake zikitafuta pa kushika. Niliifuata waya. Ilikuwa ya milimita 1.5, mita 25 kutoka kwenye breka, na soketi ya njiani ilikuwa na skrubu iliyolegea. Plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kisha nikaitazama stebilaiza yenyewe. Mbele ilikuwa na kitufe kilichoandikwa DELAY, na kitufe hicho kilikuwa kimewekwa kwenye sekunde 6. Upande wa pili palikuwa na sekunde 180. Tangu inunuliwe, mashine ile ilikuwa inarudisha umeme kwa kompresa sekunde sita tu baada ya kila kukatika. Mama alisema, "Mwanangu, mimi nilidhani hicho kitufe ni cha taa." Hakuna aliyemweleza, na hilo si kosa lake.

Kabla ya kuihukumu kompresa nilipima waya za mota. Zilikuwa nzima na hazikuvuja kwenye chuma. Nikapima kapasita ya kifaa cha nje. Ilikuwa imeandikwa mikrofaradi 35, ikasoma 22. Kapasita ndiyo inayoisaidia mota kuanza, nayo ilikuwa imechoka. Tuliibadilisha, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Tukavuta waya mpya ya milimita 4 moja kwa moja kutoka kwenye breka yake, bila soketi ya njiani. Jioni iliyofuata mita ilisoma tena 204, na kwenye kiyoyozi zikafika 202. Kompresa ilianza mara ya kwanza. Ilikuwa haijafa.

Zingatia mpangilio huo. Angenunua stebilaiza kubwa bila kugusa waya, ingenyanyua volti kwa kuvuta ampea nyingi zaidi kupitia soketi ile ile iliyokuwa inaungua. Stebilaiza haitibu ungio lililolegea. Hulichochea.

Hesabu ya stebilaiza

Bado duka lilihitaji stebilaiza, kwa sababu kwa wiki moja niliyomwachia mama kipimo cha volti cha kuchomeka, usiku mmoja zilishuka hadi 178. Hesabu inahitaji namba mbili tu: ampea za juu kabisa zilizoandikwa kwenye kibati cha kiyoyozi, na volti ya chini kabisa uliyoipima. Usichukue ampea za kawaida. Kibati cha mashine ile kilikuwa na ampea 7.8 za kawaida na 11 za juu, kwa hiyo tunatumia 11.

Zidisha 230 kwa 11, unapata VA 2530. Huo ndio mzigo. Lakini stebilaiza inayopokea volti 178 na kutoa 230 inalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi upande wa kuingilia, kwa hiyo uwezo wake unapungua. Gawanya 230 kwa 178, unapata karibu 1.3. Zidisha 2530 kwa hiyo, unafika kama 3,270. Mwisho ongeza robo kwa ajili ya kishindo cha kuwasha, ambacho hudumu chini ya sekunde moja lakini ni kikubwa. Unapata kama VA 4,100. Kwa kuwa dukani huuzwa za 3000 na 5000, tulichukua ya 5000.

Ile ya 2000 haikuwa na nafasi. Kwa volti 230 inabeba ampea 8.7. Kiyoyozi kilipokuwa kinapoza kawaida kwenye volti 193, upande wa kuingilia ulikuwa tayari umepita ampea 9. Stebilaiza ndogo volti zake hushuka zenyewe kompresa inapoanza, na hivyo inakuwa chanzo cha tatizo ililonunuliwa kulizuia. Kwa mashine ya BTU 12,000 yenye ampea 8 za juu, hesabu hiyo hiyo katika mtaa huo huo inakupeleka kwenye VA 3000 kamili, na ukipata kubwa zaidi ni bora.

Dukani, uliza mambo matatu. Kwanza, VA zilizoandikwa, kwa sababu namba kubwa kwenye boksi wakati mwingine ni jina la modeli tu. Pili, inaanza kunyanyua kutoka volti ngapi. Kama usiku kwako hufika 150, ile inayoanzia 180 haikufai. Tatu, je, hukata kabisa volti zikizidi? Waya wa nyutro wa mtaa ukikatika, volti kwenye nyumba moja zinaweza kupanda kuelekea 400, na hapo unachohitaji ni kukatiwa haraka.

Ukifika nyumbani, ijaribu taima kabla ya kuunganisha kiyoyozi. Weka kitufe kwenye sekunde 180, chomeka taa ya mezani kwenye stebilaiza, washa, na uhesabu. Taa ikiwaka baada ya dakika tatu, ndipo umwite fundi aunganishe kiyoyozi. Ujue pia kwamba dakika tatu za stebilaiza na dakika tatu za bodi hujumlishwa. Umeme ukirudi, kiyoyozi kinaweza kukaa dakika sita bila kupoza. Si ubovu. Usibonyeze rimoti wala usizime na kuwasha, maana kila ukifanya hivyo unairudisha hesabu mwanzo.

Wenye kiyoyozi cha inveta

Kompresa ya inveta huanza polepole, ikiendeshwa na bodi yake, na nyingi zinavumilia volti za chini kuliko za kawaida. Soma kiwango hicho kwenye kitabu chake. Kama volti zako ziko ndani ya kiwango, huhitaji stebilaiza. Hatari kwako ni volti zinazopanda ghafla, kwa sababu kinachoungua hapo ni bodi, na bodi ya inveta ni ghali. Kifaa cha kukata na kusubirisha ndicho kinachokufaa.

Kama leo huna hela ya chochote

Umeme ukikatika, zima kiyoyozi kwenye swichi yake ya ukutani au breka, si kwa rimoti peke yake, kwa sababu mashine nyingi hujiwasha zenyewe umeme unaporudi. Umeme ukirudi, angalia taa zimetulia, hesabu dakika tano, ndipo uwashe. Ukitoka nyumbani, acha swichi imezimwa. Na ukisikia mngurumo, ta, kimya, zima hapo hapo na uiache imezimwa. Ukiiacha ijaribu usiku kucha, ovalodi itaipa nafasi ya kuungua mara kumi na kitu kabla hakujapambazuka.

Fundi akikuambia kompresa imekufa, mwambie apime kapasita na waya za mota mbele yako, na akuonyeshe volti kwenye kiyoyozi saa mbili usiku. Usilipie kompresa mpya kabla hujaziona namba hizo. Na kama una stebilaiza nyumbani sasa hivi, inuka ukatazame kitufe cha DELAY kiko upande gani.